Geti lina kutu? Namna ya kumpendekezea mteja wa kaunta bila kumchosha

"Shikamoo mwalimu. Nasimamia kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu hapa Malindi. Mjomba anataka kila mteja aondoke na kitu cha ziada, si kile alichokuja kununua tu. Mimi humwuliza kila mtu 'na kingine?' na jibu huwa 'basi, hicho tu'. Nikianza kuwatajia vitu wanakunja uso, na kuna mafundi wawili siku hizi siwaoni tena. Nitaongezaje mauzo bila kuwakera watu?"

Marahaba mwanangu. Tuanze na hiyo "na kingine?", kwa sababu mauzo yako yanapotelea hapo. Mtu aliyekuja na haja moja ukimwuliza hivyo, unamtwika yeye kazi ya kukumbuka kila kitu akiwa amesimama kaunta, na wenzake wamepanga foleni nyuma yake. Atajibu "basi" kabla hajafikiri. Mara nyingi hata akifikiri hapati jibu, maana huenda hajapaka rangi kwa miaka. Ukiacha swali hilo ukaanza kumtajia vilivyo rafuni, anaona unatafuta pesa yake, naye anajikinga. Iko njia ya tatu: muulize kuhusu kazi anayokwenda kufanya, kisha hiyo kazi ndiyo itakayokuonyesha cha kumpendekezea.

Nitachukua mteja mmoja tu tumfuate mpaka mwisho, yule anayesema, "Nipe rangi ya glosi nyeusi, lita moja." Wa aina hii unao kila wiki, hasa mvua za masika zikishapungua na watu wakaanza kuyaona mageti yao yalivyochakaa.

Wauzaji wengi hapo hugeuka, hushusha kopo, hutaja bei. Wewe usiguse kopo kwanza. Muulize, "Ni ya kupaka nini, mzee?" Akisema geti, ongeza swali moja: "Lina kutu au ni rangi tu imepauka?" Maswali hayo mawili hayamchoshi mtu, kwa kuwa yanahusu mali yake. Tena yanaulizwa kabla ya bei, wakati bado anafikiria geti na hajaanza kufikiria mfuko. Ukingoja mpaka ametoa pochi, au ameshika simu kuandika namba ya siri ya M-Pesa, umechelewa. Hesabu yake imeshafungwa, na kila utakachotaja kitamlazimu aifungue upya. Watu hukunja uso hapo hasa, hata kama unachopendekeza ni kitu cha maana.

Tuseme amejibu, "Chini huku limeliwa na kutu, na penye bawaba." Sasa amekupa ruhusa ya kusema. Hapa kwetu pwani, upepo wa bahari huleta chumvi mpaka kwenye chuma, na chumvi huvuta unyevu. Glosi ikipakwa juu ya kutu yenye chumvi itang'aa siku za mwanzo, kisha itaanza kutoa malengelenge na kubanduka, na kutu itaendelea kula kwa ndani. Mteja huyo akirudi baada ya miezi michache hatasema alikosea kazi, atasema rangi yenu ni mbovu. Kwa hiyo unapomtajia rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ile ya rangi ya matofali ambayo mafundi huiita redi oksaidi, humwongezei mzigo, unailinda hata hiyo lita moja aliyoomba. Sema kwa ufupi: "Penye kutu kwangua kwa brashi ya waya, upake redi oksaidi kwanza. Bila hiyo glosi itabanduka." Kisha nyamaza. Ukimya huo una kazi yake: mteja anahitaji nafasi ya kujihesabia, na muuzaji anayeendelea kusema humnyima nafasi hiyo.

Mpe na ushauri usiouzwa dukani. Mwambie alioshe geti kwa maji baridi, si ya kisima chenye chumvi, aliache likauke kabisa kabla ya kupaka. Hilo halikuletei hata shilingi, lakini ndilo linalomfanya aamini kwamba maneno mengine uliyosema nayo yalikuwa kwa ajili ya geti lake.

Baada ya hapo ndipo uingie kwenye kiasi. Uliza geti ni la kupita mtu au la gari, na kama ni bati tupu au nondo. Tuseme ni la bati, upana mita 2.5 na urefu mita 2. Upande mmoja ni mita za mraba 5, pande zote mbili ni 10. Lita moja ya glosi, kwa fundi wa kawaida na brashi ya kawaida, weka kwamba hufunika mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja. Kopo linaweza kutaja zaidi ya hapo, lakini hiyo ni hesabu ya uso laini na mkono mzuri. Geti la nje linataka mikono miwili, kwa hiyo pande zote mbili ni mita za mraba 20, yaani lita mbili. Yeye ameomba moja. Mwonyeshe hesabu kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, asichukue neno lako tu: "Lita moja itakutosha upande mmoja mzee, mikono miwili. Unapaka pande zote?" Hivyo mauzo ya rangi yameongezeka mara mbili, na hakuna aliyesukumwa.

Hapa kuna kishawishi ambacho najua mjomba wako atakutajia, nacho ni kopo la lita nne. Kwa hesabu ya lita kwa lita ni rahisi zaidi, na muuzaji anaweza kusema, "Chukua kubwa, unaokoa." Tuweke bei za mfano: lita moja shilingi 800, lita nne shilingi 2,800. Kwa geti hili lita mbili ni 1,600. Ukimpa kubwa amelipa 1,200 zaidi kwa rangi ambayo nusu yake itaganda koponi pale stoo. Usimuuzie. Kopo kubwa lipendekeze kwa mwenye kazi ya lita tatu na zaidi, maana tatu ndogo zingekuwa 2,400, na hapo kwa shilingi 400 anapata lita nzima ya akiba. Mweleze hivyo hivyo, mwache achague. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi kuhusu bidhaa, lakini hata isingekuwapo, Malindi mji mdogo. Mtu aliyebaki na nusu kopo la rangi iliyoganda huwaambia jirani zake.

Sasa orodha imekuwa hivi: glosi lita mbili 1,600, redi oksaidi nusu lita tuseme 400, brashi ya waya 150, msasa karatasi mbili 100, tapentaini ya kulainishia rangi na kuoshea brashi 150, brashi ya kupakia 200. Jumla 2,600, kwa mtu aliyeingia akiwa na 800 kichwani. Ukivitaja vyote kwa mkupuo atakimbia, na atakuwa na haki. Kwa hiyo vigawe. Vile ambavyo bila hivyo kazi itaharibika, yaani redi oksaidi na kifaa cha kukwangulia, vitaje kwa jina na sababu yake. Vile ambavyo huenda anavyo nyumbani, uliza kama vipo: "Brashi na tapentaini unazo?" Akisema anazo, amini, usiulize brashi ni ya lini. Swali la "unazo?" ni jepesi kwa mteja, kwa sababu linamdhania kuwa mtu aliyejipanga. Tena linamkumbusha bila kumwambia anunue, na wengi wataguna kidogo waseme, "Ile ya zamani imekauka, nipe moja."

Kwenye tapentaini uwe makini, maana kosa hapa hukurudia. Ile thina kali wanayotumia wapaka rangi za magari si ya glosi ya mafuta. Ikimwagwa humo, au ikigusa mkono wa kwanza ambao haujakomaa, inaweza kuikunja rangi kama ngozi iliyoungua. Kama chupa zenu zote zimekaa pamoja na huwa unachukua iliyo karibu, zitenganishe leo.

Tuseme sasa mzee amesikiliza, amekubali kila kitu, halafu anasema, "Mimi nina 1,500 tu." Huu ndio wakati unaopambanua muuzaji na mtu wa kupokea pesa. Mmoja atarudi kwenye lita moja ya 800 na kumwacha aende akapake juu ya kutu. Mwingine atamwambia akakope kwa mwanawe. Wewe igawe kazi, si vifaa. Mwambie afanye upande wa nje kwanza, ule unaokabili njia na upepo. Kama brashi ya kupakia na tapentaini anazo nyumbani, ni glosi lita moja 800, redi oksaidi nusu lita 400, brashi ya waya 150, msasa mmoja 50. Jumla 1,400. Anaondoka na kazi iliyokamilika ya upande mmoja, mikono miwili, penye kutu pamezibwa, na mia moja ya kupandia tuktuk imebaki. Mwezi ujao atakuja kuchukua lita ya upande wa ndani, na redi oksaidi iliyobaki ataitumia huko akifunga kopo vizuri. Mauzo yameongezeka kutoka 800 hadi 1,400 leo, na nyingine ziko njiani, ilhali hakukopa wala hakujutia.

Usimshauri anunue redi oksaidi leo na glosi siku mshahara ukiingia. Rangi hiyo ya kwanza haikutengenezwa kukaa wazi. Upepo wa bahari na mvua vitapenya, na kutu itarudi chini yake kabla glosi haijafika.

Hao ni wateja wenye nyumba. Mafundi ni habari nyingine, na nadhani wawili uliowapoteza uliwapoteza hapa. Fundi haulizwi kama geti lina kutu, analijua geti. Ukimweleza habari za redi oksaidi umemdharau, na ukimweleza mbele ya mwenye nyumba aliyekuja naye, umemvunjia heshima palepale kazini kwake. Mwenye nyumba atageuka amwulize, "Kumbe ilitakiwa hiyo? Mbona hukuniambia?" Fundi huyo hatarudi, na kazi zake zote zinazokuja zitakwenda kwa jirani yako. Kwa fundi swali ni moja, la mtu anayemheshimu mwenzake wa kazi: "Fundi, msasa bado upo, au nikuwekee?" Basi. Akiwa na mwenye nyumba, mpe fundi nafasi aseme yeye: "Fundi, ya chini unatumia ipi?" Atajibu, na atakayeonekana mjuzi ni yeye. Wewe umeuza redi oksaidi na umepata rafiki.

Kuwarudisha hao wawili, usiwapigie simu ya kuomba msamaha mrefu. Siku ukimwona mmoja wao njiani msalimie kwa kazi yake, muulize amefikia wapi. Akipita dukani mhudumie haraka bila kumwongezea neno, hata mara mbili tatu mfululizo. Fundi ana haraka kwa sababu vibarua wanamngoja, na muuzaji anayemhudumia upesi anamsaidia zaidi ya anayemshauri.

Yuko pia mtoto aliyetumwa. Anakuja na noti imekunjwa mkononi na neno moja kichwani: misumari ya inchi tatu, nusu kilo. Huyo usimwongezee kitu hata kimoja, hata kama una hakika nyumbani watakihitaji. Pesa imehesabiwa, na chenji isipofika sawa atakayeadhibiwa ni yeye. Ukiona kuna jambo la maana, mfano ametumwa misumari ya kawaida na unajua baba yake anaezeka mabati, mpigie baba simu kabla hujapima. Misumari ya mabati ni ile yenye kofia pana. Ile ya kawaida itavujisha. Kwa simu hiyo umemwokoa kurudi, na siku ya pili atakuja mwenyewe.

Nimekaa kwenye kuongeza vitu vya pembeni. Kumpandisha mteja kutoka kitu cha bei ndogo kwenda cha bei kubwa ni vigumu zaidi, na ndiko watu wanakohisi wanaibiwa. Kanuni ninayofundisha ni kwamba usiseme kamwe "hii ni bora". Uliza nyumba iko wapi. Chukua bawaba za mlango. Anayejenga Shela au Silversands, hatua chache kutoka baharini, bawaba za chuma cha kawaida zitaanza kulia na kuacha michirizi ya kutu kwenye mlango mapema sana. Huyo mwonyeshe za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na skrubu za aina hiyohiyo, maana bawaba nzuri yenye skrubu mbovu itashindwa kwenye skrubu. Anayejenga Ganda au Kakuyuni, mbali na pwani, mwambie za kawaida zikipakwa rangi zitamfaa. Ukishamwambia mteja wa Kakuyuni kwamba hahitaji ile ya bei kubwa, neno lako kwa mteja wa Shela litakuwa na uzito, kwa sababu watu huzungumza. Weka mbili juu ya kaunta, ya chuma na ya shaba, azishike. Taja bei ya zote mbili kwa sauti ileile. Tatu au nne humchanganya, na aliyechanganyikiwa husema "nitarudi".

Kitu kimoja cha kufanya pale dukani wiki hii. Chukua kipande cha bati chenye kutu. Nusu yake ikwangue, ioshe, ipake redi oksaidi, kisha glosi. Nusu nyingine ipake glosi juu ya kutu vivyo hivyo. Kiache nje nyuma ya duka kipigwe na jua, mvua na upepo wa kusi, kisha kitakapoonyesha tofauti kilete kaunta kando ya makopo. Hutahitaji tena kueleza. Mteja atakigeuza mwenyewe na kuuliza. Msasa na brashi za waya zihamishie hapohapo karibu na rangi, na tepu nyeupe za nyuzi za mabomba ziwe kando ya koki, ili mtu avione wakati unamtafutia alichoomba.

Ukishapendekeza, hapana ya kwanza ndiyo hapana. Usirudie kwa maneno mengine, na usiteremshe bei ili akubali, maana utakuwa umemfundisha kukataa kila mara. Dalili za kuacha hata kabla hujaanza ni rahisi kuzisoma: ameacha pikipiki ikinguruma, anajibu swali lako la kwanza kwa neno moja huku akitazama nje, au amekuja na karatasi iliyoandikwa na kupigiwa mstari chini. Huyo mpe chake.

Kuhusu mjomba wako, mazungumzo ya maneno matupu hayatamtosha, kwa hiyo weka daftari. Kwa kila mteja wa rangi andika mstari mmoja: aliomba nini, ulipendekeza nini, alikubali au alikataa, aliondoka na shilingi ngapi. Wateja wa kitu kimoja kidogo usiwaandike. Baada ya mwezi angalia kila pendekezo peke yake. Kama redi oksaidi wengi wanaichukua na tepu ya kuzibia kingo karibu wote wanaikataa, acha kuitaja tepu. Andika pia vinavyorudishwa, na waliokuja wakilalamika. Pendekezo linalokubaliwa sana na kurudishwa sana linauzwa kwa shinikizo, hata kama wewe hujioni ukishinikiza. Mwonyeshe mjomba na faida, si mauzo peke yake, kwa kuwa katika maduka kama yenu kopo la rangi lina faida nyembamba ikilinganishwa na msasa na brashi. Akiona kwamba mteja wa geti aliyepata alichohitaji anaacha faida kubwa kuliko watu kadhaa waliobebeshwa tepu, mwombe akuondolee sharti la kila mteja, mlibadilishe liwe kila mteja wa rangi, wa mabati na wa mabomba, ambao kazi zao hazikamiliki kwa kitu kimoja.